Sera ikitangazwa mapema, mbona inaishiwa nguvu?

"Benki kuu ikisema itaongeza pesa ili ajira zipatikane, kwa nini wengine wanasema haitasaidia?"

Ajira huongezeka pale bei zinapotangulia mishahara: mwajiri anauza ghali, analipa kilekile, anaona faida, anaajiri. Sasa tuseme wote wanajua pesa hizo zitapandisha bei kwa asilimia 10. Aliyekuwa analipwa 100 anadai 110 kabla pesa hazijatoka. Mwajiri naye anauza kwa 110 na kulipa 110, kwa hiyo hana sababu ya kuongeza hata mtu mmoja. Hoja hii ni ya mchumi wa Marekani Robert Lucas. Wachumi wenzake Thomas Sargent na Neil Wallace wakaisukuma mbali zaidi miaka ya 1970, wakati Marekani ilikuwa na mfumuko wa bei na uhaba wa ajira kwa pamoja.

"Mimi nimesaini mkataba wa miaka miwili. Nitadai vipi?"

Hapo umegusa penyewe. Mwaka 1977 mchumi Stanley Fischer alionyesha kwamba mikataba mirefu ya namna hiyo huipa nguvu hata sera iliyotangazwa, mpaka siku ya kusaini upya. Nguvu hiyo ni kubwa kiasi gani, wachumi bado wanavutana.