Kaftani haianzii kifuani: pima bega linaposhuka, kisha urefu

Anayeanza kushona au kuuza kaftani humuuliza mteja kwanza, "Kifua inchi ngapi?" Hilo ni swali la blauzi na gauni la kukaa mwilini. Kwenye nguo pana linakupotosha, kwa sababu kitambaa hakibani kifua. Kaftani yenye mzunguko wa inchi 56 itamkaa mwenye kifua cha 36, na itamkaa mwenye kifua cha 44. Mmoja amebakiwa na inchi 20 za nafasi, mwingine 12, na wakisimama pamoja wote wawili wamevaa nguo pana tu. Sasa chukua wawili wenye kifua kilekile cha 40, mmoja akiwa na inchi 53 kutoka begani hadi sakafuni na mwenzake 59. Ukiwapa saizi moja kwa kuwa vifua vimelingana, wa kwanza atakanyaga pindo ngazini na wa pili atavaa nguo inayoishia juu ya vifundo vya miguu.

Ndiyo maana abaya zinazotoka Dubai huandikwa 52, 54, 56, 58 na kuendelea. Namba hizo ni urefu wa nguo kwa inchi kutoka begani hadi pindoni. Muuzaji mgeni akizisoma kama upana, mteja mnene na mfupi hupewa 60, kisha kazi inarudi kwa fundi kukatwa chini, na urembo wote wa pindo unakwenda na kipande kilichokatwa.

Urefu upimwe kutoka pale bega linapokutana na shingo. Usianzie kwenye ncha ya bega, maana huko bega limeshateremka na utapata kipimo kifupi. Mteja asimame wima akiwa na viatu atakavyovalia nguo hiyo. Kama ni vya mchuchumio, avae hivyohivyo. Pitisha tepu juu ya sehemu ya kifua iliyotokeza zaidi, iache ianguke hadi sakafuni, kisha toa inchi 1 ili atembee bila kukanyaga. Rudia kipimo hicho mgongoni. Hapa ndipo kifua kina kazi yake halisi kwenye kaftani: kinakula urefu wa mbele. Mwenye kifua kikubwa anaweza kupata 57 mbele na 55 na nusu nyuma. Ukikata pande zote mbili sawa, pindo la mbele litapanda na wewe utadhani umekosea kukunja. Dawa yake ni kuacha inchi 1 na nusu zaidi katikati ya mbele, na kuipunguza kwa mviringo mpole hadi iishe kwenye mshono wa ubavuni.

Tuje kwenye bega. Kwenye kaftani ya mkono wa kuunga, mshono wa mkono haukai kwenye ncha ya bega. Unashuka hadi juu ya mkono. Umbali huo, kutoka kwenye mfupa wa ncha ya bega hadi kwenye mshono, ndio unaoamua mkono utaishia wapi. Tufanye hesabu ya mteja mmoja: kifua 44, nyonga 48, upana wa mabega kutoka ncha hadi ncha 15, na mkono kutoka ncha ya bega hadi kifundo cha mkono 22. Unamkatia kaftani iliyonyooka, ambayo ikilazwa mezani ina upana wa inchi 28, yaani mzunguko wa 56. Toa 15 kwenye 28, inabaki 13. Gawanya kwa mbili, unapata 6 na nusu. Mshono utashuka inchi 6 na nusu kila upande. Kwa hiyo kipande cha mkono ni 22 kutoa 6 na nusu, sawa na 15 na nusu. Ongeza inchi 1, kwa kuwa kiwiko kikikunjwa huvuta kitambaa juu: 16 na nusu, bila kuhesabu mshono na pindo. Aliyeanza jana atakata 22 kwa sababu ndivyo tepu ilivyosoma, na vidole vya mteja vitapotelea ndani ya mkono.

Ukitaka kuhakiki, pima kutoka kwenye mfupa wa nyuma ya shingo, pita begani, shuka hadi kwenye kifundo cha mkono huku kiwiko kimekunjwa kidogo. Kwa mteja huyu utapata karibu 30 na nusu. Nusu ya upana wa nguo ni 14, jumlisha mkono wa 16 na nusu: 30 na nusu. Zikitofautiana zaidi ya inchi 1, pima upya kabla ya kushika mkasi.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha kwa nini kupanda saizi kwa kifua kunaharibu nguo. Ukiongeza inchi 6 za mzunguko, upana wa mezani unakuwa 31, na mshono wa bega unateremka inchi 1 na nusu zaidi. Kama patani yako pia inarefusha mkono kwa nusu inchi, mkono umeshuka inchi 2 kwa mtu ambaye mikono yake haijarefuka hata kidogo. Na shingo nayo huwa imepanuliwa. Kwa mwenye kifua kikubwa na mabega membamba, jambo ambalo ni la kawaida sana, nguo itateleza upande mmoja siku nzima. Upana wa shingo usizidi nusu ya upana wa mabega: kwa mabega ya 15, ishia 7 na nusu.

Kuna kosa la shingo ambalo wengi hulidhania ni la saizi. Kitambaa kinakunjwa mara nne, halafu shingo inakatwa kwa kina kilekile mbele na nyuma. Nguo inarudi mgongoni, inakaba koo, pindo la mbele linapanda, na mvaaji anaivuta kila baada ya hatua chache. Kuongeza upana hakusaidii kitu. Nyuma kata kina cha inchi 1 tu, mbele 3 na nusu au 4.

Kwa kaftani isiyo na mshono wa mkono kabisa, upana wa kitambaa ndio mkono wenyewe. Kitambaa cha inchi 58 kinakupa 29 kutoka katikati, yaani karibu na kifundo cha mkono. Cha 45 kinakupa 22 na nusu, kinaishia chini kidogo ya kiwiko. Mwambie mteja hilo kabla hajaenda dukani kununua. Aina hii pia hushuka ncha ubavuni mikono ikiteremshwa, kwa hiyo usikunje pindo ukiwa mezani. Itundike usiku mmoja, mvishe mteja, mikono chini, kisha zunguka na rula ukitia chaki kwa umbali uleule kutoka sakafuni.

Baada ya yote hayo, rudi kwenye kifua na nyonga kwa uhakiki tu. Chukua kile kikubwa zaidi; kwa mteja wetu ni nyonga, 48. Mzunguko wa 56 unamwachia 8, inatosha kusimama lakini nafasi itapungua akiketi, hivyo panua ubavu kidogo kidogo kuanzia kiunoni hadi upate 60 kwenye nyonga.

Mteja wa mbali, mwombe alaze mezani kaftani anayoipenda, apige picha tepu ikiwa juu yake mara tatu: shingo hadi pindo, mshono wa bega hadi mshono wa bega, na mshono huo hadi mwisho wa mkono.