Mzio wa karanga: anza na unga wa uji

"Mwanangu wa miaka 3 ana mzio wa karanga. Nimeacha kuzinunua, lakini bado anatokwa na vipele akinywa uji. Zinatoka wapi?"

Pole, dada. Mimi ningeanza na unga. Unga wa lishe mara nyingi huchanganywa na karanga, na hata ukipeleka mahindi matupu mashineni, mabaki ya aliyesaga karanga kabla yako huingia kwenye debe lako. Kumwaga kilo ya kwanza hakusafishi mashine. Kwetu tuliacha kabisa mashine ya mtaani, tukanunua unga wa paketi.

Paketi nayo isome kila unaponunua, kwa sababu viungo hubadilika bila tangazo. Tafuta "peanut", "groundnut" na "arachis". Ukikuta "may contain", iache. Lakini onyo hilo lisipokuwepo si uthibitisho kwamba ni salama. Mpigie mtengenezaji umuulize.

Kisha angalia kinu. Mti hunyonya mafuta ya karanga na kuosha hakutoshi, kwa hiyo mtoto awe na kinu chake. Kuchemsha uji hakuondoi mzio. Mikono ioshwe kwa sabuni; maji matupu hayatoshi.

Simamisha uji huo sasa, umwone daktari: huenda ni maziwa au kiungo kingine. Muulize pia kuhusu sindano ya adrenalini ya kukaa nayo nyumbani. Akivimba midomo au ulimi, akikohoa, akipumua kwa shida, akitapika mfululizo au akilegea, mkimbizeni hospitali mara moja. Dawa ya mzio ya kunywa haitoshi hapo.