Ukichimba bloku mpakani, chora na chanki ya jirani

Mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu Moshi wakati wa likizo, nikampa aichezee dunia yangu ya bloku, mchezo ninaouandika kwa JavaScript. Nilikuwa nimetengeneza mteremko wenye migomba, kama ule unaoupita ukipanda Kibosho. Yeye akaamua kuchimba mfereji wa kushusha maji mpaka shambani. Baada ya dakika kumi akaniita: "Ba'mdogo, njoo uone. Ukuta wa mfereji umetoboka, naona mbingu chini ya ardhi!"

Mimi nilikuwa nimechimba dunia hiyo kwa miezi na sijawahi kuliona tundu hilo.

Dunia yangu imegawanywa katika chanki za bloku 16 kwa 16 kwa 16, yaani bloku 4,096 kila moja. Chanki iliyojaa udongo mtupu ina nyuso 24,576 ukichora kila bloku pande zote sita. Kwa hiyo ninapojenga meshi, yaani orodha ya nyuso za kuchora za chanki, kila uso naukagua kwanza: ukigusana na bloku ngumu nauacha, ukigusana na hewa nauchora. Zinabaki nyuso 1,536 za nje tu. Hata laptopu yangu ya mtumba inazimudu.

Kosa liko pale unapobadilisha bloku. Chukua mstari mmoja: bloku yenye x = 15 ndiyo ya mwisho katika chanki ya kwanza, na x = 16 ndiyo ya kwanza katika chanki ya pili. Zote ni udongo, kwa hiyo nyuso zao zinazotazamana hazijachorwa. Ukiichimba ile ya 15, chanki yake inajengwa upya. Lakini uso wa 16 ambao sasa umefunuliwa umo katika meshi ya jirani, na jirani hajaambiwa kitu. Uso haupo, macho yanapita moja kwa moja mpaka mbinguni.

Sasa, kwa nini mimi sikuliona? Kwa sababu nilikuwa nachimba kukatiza mpaka. Nikitoa ya 15 tundu linatokea, nikitoa ya 16 chanki ya pili inajengwa upya na tundu linajiziba kabla sijaliangalia. Kijana yeye mfereji wake ulikwenda sambamba na mpaka, akifuata z = 15 mwanzo hadi mwisho. Ukuta mzima wa upande mmoja ukakosekana.

Dawa ya haraka niliyoijaribu nikaijutia: kuhesabu kila kilicho nje ya chanki kuwa hewa. Matundu yaliisha, lakini kila chanki ikaanza kuchora kuta zake zote chini ya ardhi, na mchezo ukaanza kukwama. Ukitaka kujua kama wewe nawe umeingia mtego huo, weka chanki mbili za udongo mtupu ubavu kwa ubavu uhesabu nyuso. Jibu sahihi ni 2,560. Ukipata 3,072, unachora ukuta wa katikati mara mbili, nyuso 256 kila upande, na hakuna atakayeuona kamwe.

Dawa ya kweli ni kumjulisha jirani:

```js
const cx = x >> 4, lx = x & 15;
chafu.add(funguo(cx, cy, cz));
if (lx === 0)  chafu.add(funguo(cx - 1, cy, cz));
if (lx === 15) chafu.add(funguo(cx + 1, cy, cz));
```

Fanya hivyohivyo kwa y na z. Bloku ya katikati inachafua chanki moja, ya kona inachafua nne. Tumia `>>` na `&` kama hapo, maana katika JavaScript `-1 % 16` ni -1, si 15, na upande wa magharibi wa dunia yako utaharibika kimyakimya.

Hiyo `chafu` ni `Set`, na ndiyo inayofanya uchimbaji uwe mwepesi. Usijenge meshi papo hapo bloku inapobadilika. Weka alama tu, kisha mwisho wa fremu jenga kila chanki chafu mara moja. Baruti ya kijana inafuta mchemraba wa 5 kwa 5 kwa 5, bloku 125, lakini chanki zinazojengwa upya hazizidi nane. Hizo zijengwe zote katika fremu ileile, na meshi ya zamani ibaki kwenye skrini mpaka mpya iwe tayari. Ukijenga moja fremu hii na nyingine fremu ijayo, tundu litamwonekea mchezaji kama kumetameta. Chanki za mbali zinazopakiwa ndizo zisubiri foleni.

Kivuli cha kwenye kona za bloku bado sijakiweka. Siku nikikiweka, bloku moja itaathiri hata chanki za mshazari, na zile `if` hazitatosha tena.