Kifungo kimoja badala ya wivu

Katika hadithi yangu moja fupi, Musa anampigia pasi mdogo wake shati la siku ya kwanza kazini. Kazi hiyo waliiomba wote wawili, akapata mdogo. Nikaandika: "Musa alimwonea mdogo wake wivu mkali uliomchoma moyoni." Maneno manane, na hayaonyeshi kitu.

Nikajaribu kuuonyesha huo wivu. Moyo ukaanza kumwenda mbio, koo likamkauka, jasho likamtoka, ngumi ikakunjwa. Aya ikavimba. Rafiki niliyempa aisome akauliza kama Musa ni mgonjwa. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana moyo humwenda mbio mwenye hofu, mwenye hasira, hata aliyepanda ngazi. Na misemo kama "roho ilimuuma" ni lile lile jina la hisia, limevishwa kiungo cha mwili tu.

Nikaacha mwili wa Musa, nikatazama vitu ambavyo tayari vimo chumbani: pasi, shati, meza. Nikajiuliza swali moja: wivu unamfanya Musa afanye nini, au aache kufanya nini, kwa vitu hivi? Hapo nikapata hii:

"Kifungo cha juu kilining'inia kwa uzi mmoja. Musa akakiona, akalikunja shati."

Ni maneno kumi na moja. Ile -ka- ndiyo inayobeba mzigo: kuona na kukunja vinafuatana, sababu haikutajwa. Mwanzoni nilimalizia na "kwa wivu". Nikafuta. Ukionyesha halafu ukataja, umelipa mara mbili, na hadithi nyingi hunenepea hapo hapo. Mimi sasa naifuta sentensi ya zamani kwanza, ndipo naandika mpya mahali pake.

Msomaji wa pili akadhani Musa ni mvivu. Kosa halikuwa kwenye kifungo, lilikuwa kwenye mistari iliyokitangulia. Nikaongeza kabla ya hapo: "Alikuwa ametoka kushona pindo la suruali." Sasa tunajua kushona anajua, na sindano iko karibu. Kukipita kile kifungo kumekuwa uamuzi. Kwa hiyo tendo lako likisomwa vibaya, usilifafanue baada yake. Rudi nyuma, weka jambo moja dogo linalofunga mlango wa tafsiri nyingine. Na ukimpa mtu aisome, usimuulize kama ameipenda. Muulize Musa anahisi nini.

Si kila hisia inastahili kazi hii. Naifanya pale tu hisia inapogeuza mwendo wa hadithi, na hapa kifungo kitakatika mbele ya bosi. Katika onyesho hilo hilo niliandika "Mama yao alikuwa amechoka, akaenda kulala." Nimeiacha kama ilivyo. Nilichohitaji ni mama atoke chumbani.