Mianya 4, vilele vidogo 2

"Nimepitisha mwanga kwenye mianya 4. Mwenzangu anasema kati ya vilele vikuu viwili sufuri, yaani sehemu zenye giza, ni 3, kwa hiyo vilele vidogo 3. Mbona mimi naona 2?"

Umeona sawa. Mwenzako kapatia nusu: sufuri ni 3 kweli. Chora mishale 4 ya urefu sawa, mmoja kwa wimbi la kila mwanya, mkia wa kila mmoja kwenye ncha ya uliotangulia, kila mmoja ukigeuka pembe ileile: tofauti ya awamu kati ya mianya jirani. Umbali kutoka mwanzo hadi ncha ya mwisho, ukizidishwa kwa wenyewe, ndio mwangaza. Kwa 0° imenyooka: urefu 4, mwangaza 16, kilele kikuu. Kwa 90° inafunga mraba, kwa 180° inaenda na kurudi, kwa 270° mraba tena: zote tatu zinarudi mwanzo, yaani sufuri. Vilele vidogo hukaa kati ya sufuri na sufuri, ndiyo maana ni 2. Chora ya 135° uone: mishale inakatana, ncha inaishia 1.08 tu kutoka mwanzo, mwangaza 1.17. Kilele chenyewe kiko karibu na 132°, si katikati kabisa.