Nguzo ya mpakani: strapu au futingi ya pamoja?

"Nguzo iko mpakani kabisa na ya ndani iko mita 5, nitumie futingi ya pamoja au strapu?"

Strapu, yaani kila nguzo na futingi yake, halafu bimu inaziunganisha. Anayesema ya pamoja, futingi moja chini ya nguzo zote mbili, angekuwa sawa kama nguzo zingekuwa karibu hadi futingi zinakaribia kugusana, kwa mita 5 utamwaga zege la bure. Angalia, nguzo ya mpakani ikibeba tani 50 na kitovu cha futingi yake kikiwa sentimita 60 ndani ya kitovu cha nguzo, kitovu hicho kinabaki mita 4.4 kutoka nguzo ya ndani, na futingi itasukuma udongo kwa 50 × 5 / 4.4, karibu tani 57, kwa hiyo ipime kwa hiyo 57, zile 7 zinataka kuinua nguzo ya ndani. Bimu iwe nene, nondo kubwa ziwe juu, na chini yake acha uwazi isikalie udongo.