TUKI au TATAKI katika tanbihi?

"Kamusi moja nimeiandika TUKI kwenye tanbihi na TATAKI kwenye marejeleo. Nifuate lipi? Na 'kama hapo juu' niiache?"

Ndugu, fuata jina lililochapwa kwenye nakala uliyoisoma, kwa kuwa TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilibadilishwa jina baadaye kuwa TATAKI, na msomaji ataitafuta kamusi kwa jina lililo kitabuni. Kwa toleo la 1981, tanbihi ya kwanza iwe kamili, yenye mikato na mabano: TUKI, *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* (Dar es Salaam: Oxford University Press, 1981), uk. 45. Katika marejeleo, mabano na ukurasa huondoka, na nukta hushika nafasi ya mikato, isipokuwa ule wa kabla ya mwaka: TUKI. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*. Dar es Salaam: Oxford University Press, 1981.

"Kama hapo juu" iondoe kabisa. Mimi nilihamisha aya moja tu kabla ya kupeleka mswada kiwandani, na tanbihi tatu zikaelekeza kwenye kitabu kisichohusika. Ufupisho "TUKI, *Kamusi*, uk. 45" hubaki sahihi popote aya itakapohamia; ukitumia pia toleo la 2004, ongeza mwaka baada ya jina la kamusi.